Mahindi ama viazi? Mwalimu, nimepata sufuri na nyumbani hatuelewani

Habari Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma uchumi, kwetu ni Njoro. Lekchara alituambia tutoe mfano wa gharama ya fursa kutoka nyumbani, mimi nikaandika ya shamba letu la eka moja. Mahindi ya H614 tunategemea magunia 20 ya kilo 90 kwa 3,500, gharama 28,000, inabaki 42,000. Viazi aina ya Shangi magunia 70 ya kilo 50 kwa 1,800, hiyo ni 126,000, gharama 82,000. Kuna pia jirani anataka kukodi hadi Disemba kwa 12,000. Nikaandika gharama ya fursa ya mahindi ni 126,000 jumlisha 12,000, yaani 138,000. Nikawekewa sufuri na alama kubwa nyekundu.

Sasa na nyumbani kuna vita. Baba anasema ni mahindi, eti trekta ishalimia mahindi na 4,000 zimelipwa. Mama anataka viazi. Akiba iko 42,000, zikizidi hapo tunakopa chama kwa asilimia 2 kwa mwezi. Mama ana kibanda cha chai, akitoa gharama zake anabaki na 500 kwa siku, na viazi vitamtoa kibandani kama siku 20 zaidi ya mahindi. Mwaka juzi baada ya viazi tulipanda maharagwe yakatubakishia 15,000. Mahindi tunakula magunia 5, na mwaka tusipokuwa nayo tunanunua kwa 4,500. Nisaidie, kwanza nijue kosa langu liko wapi, halafu nijue nimwambie nini Baba.

Mwanafunzi, Njoro

*

Msichana wangu, pole na hiyo alama nyekundu lakini umeleta hesabu nzuri kuliko watu wengi wanaoniandikia, wengi huniambia tu "viazi viko na pesa" halafu wanataka nijue zingine. Wewe umeniletea kila kitu hadi pesa ya kibanda, kwa hivyo tutapiga hesabu vizuri, chukua kalamu.

Gharama ya fursa ni thamani ya kile bora zaidi unachoacha ukichagua kitu kingine. Kosa la kwanza ni hiyo alama ya kujumlisha. Eka ni moja. Ukiipanda mahindi umeacha viazi, ama umeacha kodi ya jirani, lakini huwezi kusema umeacha vyote viwili juu hata ungekataa mahindi bado hungeweza kuvipata vyote viwili, jirani hawezi kukodi shamba lenye viazi vyako ndani. Kwa hivyo unahesabu kile kimoja tu ambacho ungefanya kama mahindi yasingekuwepo, kile bora zaidi kati ya vilivyobaki. Hapa ni viazi, kodi inakaa kando. Haimaanishi kodi haina kazi, ukiona mahindi na viazi vyote vinakuletea chini ya hizo 12,000 pamoja na thamani ya siku za mama na pesa ambazo hazingeingia shambani, basi mpe jirani shamba ulale. Lakini kwa nambari zako hatuko karibu na hapo, tuachane na jirani.

Kosa la pili ndilo wengi hawalioni, na nadhani ndilo lilimkasirisha lekchara zaidi. Umeandika 126,000. Hiyo ni pesa broka anakupa mkononi, si kile unachoacha ukikosa kupanda viazi, manake ukikosa kupanda viazi unakosa pia kulipa 82,000 za mbegu na mbolea na dawa na vibarua. Unachopoteza ni kile kingebaki, 126,000 toa 82,000, yaani 44,000. Ile 82,000 hujaipoteza, bado iko mfukoni ama kwa chama.

Na usijione wewe ndio mjinga. Mwaka 2005 wachumi wawili, Ferraro na Taylor, waliwauliza wenzao 199 kwenye mkutano wa wachumi kule Amerika swali la namna hii: umepata tiketi ya bure ya shoo moja, na usiku huo huo kuna shoo nyingine ambayo tiketi yake ni dola 40 na wewe ungekubali kulipa hadi dola 50 kuiona, sasa gharama ya fursa ya kwenda ile ya bure ni ngapi? Majibu yalikuwa manne ya kuchagua, 0, 10, 40 na 50. Jibu walilolitaka ni 10, kwa sababu raha ya 50 inakuja na bili ya 40, kinachobaki ni 10. Waliopata ni asilimia 21.6, na hao ni watu wenye digrii kubwa kubwa. Wengine baadaye walibisha kwamba swali lenyewe linategemea vitabu vinaeleza maana vipi, lakini wewe kwa darasa lako shika hii ya kutoa bili kwanza, ndiyo inakusaidia kuamua.

Haya, sasa tuko na 42,000 za mahindi na 44,000 za viazi na unaweza kudhani tumemaliza, mama ameshinda kwa elfu mbili. Hatujamaliza, bado hatujafananisha vitu vya urefu mmoja. H614 kule juu Njoro ukipanda Aprili haikutoki shambani mpaka karibu Novemba, wakati mwingine Disemba, ni mahindi ya baridi, hayana haraka. Shangi miezi mitatu na kitu imeiva, Julai shamba liko tupu. Kwa hivyo hujachagua kati ya mahindi na viazi, umechagua kati ya mahindi na viazi-kisha-kitu-kingine, na hicho kitu kingine wewe mwenyewe umekitaja, maharagwe ya 15,000. Ongeza, 44,000 na 15,000 ni 59,000. Kila ukifananisha mazao uliza shamba limefungwa hadi mwezi gani, na hii inauma zaidi kwa ndugu zetu wa miwa kule Kakamega na Bungoma ambao wanangoja mwaka na nusu hivi kabla mti wa kwanza kukatwa, unakuta mtu anasema miwa imemlipa vizuri kuliko mahindi na ukihesabu misimu ya mahindi iliyopita hapo katikati anaanza kukuna kichwa.

Kuhusu Baba na trekta. Mwambie kwa heshima, usimwambie "Baba umekosea", mwambie "Baba, hizo 4,000 zingerudi tukipanda mahindi?" Haziwezi kurudi. Zimeenda na mwenye trekta amekunywa chai nazo. Na tena udongo uliolimwa hauulizi unapandwa nini, viazi pia vinataka shamba lililolimwa, kwa hivyo hata faida ya ile kazi inapatikana pande zote mbili. Nimeona hukuziweka kwa hizo gharama za 28,000 wala 82,000, nadhani uliziacha tu bila kujua lakini ulifanya sawa. Ingekuwa tofauti kama angekuwa ashanunua mbegu ya mahindi na kuna jirani wa kuinunua kwake, hapo ile bei jirani angelipa ndiyo gharama ya kuipanda, si ile aliyolipa dukani.

Sasa mama. Hapa ndipo hesabu za nyumbani huharibika kabisa, kwa sababu mtu wa nyumbani haandikwi. Mkienda kwa vibarua mnalipa na mnaandika, lakini mama akiinama shambani siku nzima tunasema kazi ya nyumbani haina bei. Ina bei, wewe mwenyewe umeiandika, ni 500 kwa siku, chai na mandazi ambazo hazitauzwa. Viazi vina kazi za kushika, kupanda kwa mistari, kuinua matuta, kupiga dawa ya ukungu karibu kila wiki mvua ikinyesha sana juu ukikosa wiki moja Mei majani yanakuwa meusi mpaka mtaa wote unajua, halafu siku za kuvuna mtu lazima asimame pale ahesabu magunia. Siku 20 kwa 500 ni 10,000. Halafu akiba yenu ni 42,000 na viazi vya eka nzima vinataka 82,000, kwa hivyo mtakopa 40,000. Kwa asilimia 2 kwa mwezi, kwa miezi mitano kuanzia kununua mbegu hadi broka alipe, hiyo ni 4,000. Toa zote mbili kwa zile 59,000 na inabaki 45,000.

(Kuna mwenzako atakuuliza mbona hatujaweka riba kwa pesa yenu wenyewe za akiba. Swali zuri. Kama zinakaa tu kwa sanduku hazileti kitu, kama zinakaa kwa sako zikileta faida basi ile faida mnaikosa na inafaa kuandikwa. Wewe hujaniambia ziko wapi, na elfu 28 za kwanza zinatoka hata kwa mahindi, kwa hivyo nimeziacha.)

Halafu kuna jambo la mahindi ambalo linampa Baba nguvu kidogo na yeye hakulitaja. Ulihesabu magunia yote 20 kwa 3,500, bei ya kuuza Novemba kila mtu akivuna. Lakini magunia 5 hamuuzi, mnakula. Mkikosa kupanda mahindi hayo matano mtanunua kwa 4,500, umesema mwenyewe. Kwa hivyo kila gunia la kula lina thamani ya 4,500 kwenu, ongezeko la 1,000 mara 5, ni 5,000. Mahindi yanapanda kutoka 42,000 hadi 47,000.

Tumefika: mahindi 47,000, viazi na maharagwe 45,000. Kwa hivyo ukiulizwa gharama ya fursa ya mahindi kwa shamba lenu, ni 45,000. Ukiulizwa gharama ya fursa ya viazi ni 47,000. Baba ameshinda, lakini kwa sababu ambayo si yake, trekta haikuhusika.

Ningeweza kukuachia hapo na wengi huachia hapo, lakini swali lenyewe limeulizwa vibaya tangu mwanzo, "mahindi ama viazi" kama vile shamba ni jiwe haliwezi kukatwa. Nani amesema ni eka yote? Tugawe mara nne, tuende robo kwa robo, tuone kila robo ikitoka kwa mahindi kwenda kwa viazi inaacha nini. Hapa ndipo utaelewa ule mchoro wa mstari uliojipinda ambao lekchara anachora ubaoni, ule wa vitu viwili ambavyo nchi inaweza kutengeneza, watu hukariri tu kwamba umejipinda bila kujua mbona.

Robo ya kwanza. Viazi na maharagwe kabla ya mama na chama vinaleta 59,000 gawanya kwa nne, ni 14,750. Mama atatoka siku 5, hiyo ni 2,500. Chama hamuhitaji, kwa sababu robo ya viazi inataka 20,500 na robo tatu za mahindi 21,000, jumla 41,500, inaingia ndani ya akiba yenu ikibaki ya nauli. Kwa hivyo robo ya viazi inawaletea 12,250. Na mmeacha nini? Magunia 5 ya mahindi, lakini angalia vizuri ni magunia gani hayo. Mnabaki na 15, mnakula 5 kama kawaida, kwa hivyo yale matano yaliyopotea ni ya kuuza, ya bei ya 3,500. Robo ya mahindi ya kuuza ni 42,000 gawanya kwa nne, 10,500. Mnapata 12,250 mkiacha 10,500, faida ya 1,750.

Robo ya pili. Kila kitu ni kile kile ila sasa akiba imeisha, mtakopa kama 13,333 kwa kila robo ukigawa zile 40,000 kwa tatu, riba yake ya miezi mitano ni kama 1,333. 14,750 toa 2,500 toa 1,333, ni 10,917. Mnaacha tena mahindi ya kuuza, 10,500. Bado kuna faida lakini ni shilingi 417 tu. Robo ya tatu vivyo hivyo, 417.

Robo ya nne ndiyo ya maajabu. Viazi bado vinaleta 10,917, lakini sasa magunia matano yanayoondoka ni yale ya ugali wenu. Robo hiyo ya mahindi ina thamani ya 10,500 na zile 5,000 za kununua bei ghali, jumla 15,500. Mnapata 10,917 mkiacha 15,500, hasara ya 4,583. Sasa jumlisha zote nne, 1,750 na 417 na 417 toa 4,583, unapata hasara ya kama 2,000, ni ile ile tofauti ya 47,000 na 45,000 tuliyopata juu, kwa hivyo hesabu haijatudanganya.

Umeona? Eka nzima ya viazi ni mbaya kuliko mahindi, na bado robo tatu za kwanza za viazi ni nzuri kuliko mahindi. Gharama ya fursa si bei iliyobandikwa kwa zao, inabadilika kulingana na umeenda umbali gani. Robo ya kwanza ya viazi iligharimu mahindi ya kuuza, ya mwisho inagharimu ugali. Ule mstari wa ubaoni nao umejipinda kwa sababu inayofanana na hii, kila unapoendelea kubadilisha unaanza kuhamisha ardhi na watu wanaofaa zaidi ile kazi ya kwanza, kwa hivyo kila hatua unapoteza zaidi.

Kwa karatasi basi jibu ni robo tatu viazi, robo mahindi. Mimi kama mtu ambaye amewahi kuuza viazi nakwambia msifanye hivyo, fanyeni robo moja, na nitakueleza kwa nini kwa nambari, si kwa woga. Robo inatoa magunia 17 na nusu. Ile faida ya 1,750 ya robo ya kwanza ukiigawa kwa hayo magunia ni shilingi 100 kwa gunia, maana yake bei ikishuka kutoka 1,800 hadi 1,700 mko sawa na mahindi, chini ya hapo mmepoteza. Robo ya pili na ya tatu zina shilingi 24 tu kwa gunia. Shilingi 24! Hiyo hata kijana wa kupakia lori hawezi kuikubali. Na 1,800 yenyewe ni bei mliyoifikiria sasa, mtauza Julai wakati Njoro na Molo na Mau Narok na hata upande wa Nyandarua wanatoa viazi, na Shangi haiwezi kungoja, inachipuka mapema kuliko viazi vingine vingi ukiiweka stoo, kwa hivyo broka anajua lazima uuze. Kwa robo moja mkipata bei mbaya mnaumia kidogo, kwa robo tatu mnaumia mara tatu na bado chama kinapiga simu.

Tena muulize mama hayo magunia 70 aliyahesabu kwa gunia gani. Sheria za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi ni kilo 50, lakini huko shambani bado kuna mabroka wanakuja na lile la mukorino, lililoshonewa kilemba juu mpaka kilo zinapita mia. Akichukua hilo kwa bei ya gunia moja, ama hata moja na nusu, magunia yako 70 hayatafika 70. Hesabu kwa kilo, 1,800 kwa kilo 50 ni shilingi 36 kwa kilo, mwambie broka hivyo.

Kitu kimoja kingine cha kuuliza kabla ya kununua mbegu, na hii inaweza kugeuza kila kitu. Je, msimu uliopita hapo shambani ama kwa jirani wa juu viazi vilikuwa vinanyauka ghafla mchana vikiwa bado na majani ya kijani? Kama ndio huo unaweza kuwa mnyauko wa bakteria, na unapimwa kirahisi, mmea ukinyauka kata shina karibu na chini uliweke kwa glasi ya maji safi bila kulitikisa, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya maji basi ni wenyewe. Unakaa kwa udongo miaka, na unaenda na maji kutoka shamba la juu kuja la chini. Hapo zile magunia 70 sahau. Na hata kama shamba ni safi, viazi haviwezi kurudi mahali pale pale msimu kwa msimu, wala nyanya wala pilipili hoho, mnatakiwa mzungushe na mahindi ama maharagwe. Kwa hivyo robo mnayopanda viazi mwaka huu mnaiuza pia kwa mwaka ujao, mwaka ujao viazi viende robo nyingine. Mkipanda eka nzima mwaka huu mwakani hamna pa kupanda, hata bei ikiwa 3,000. Hiyo nayo ni kitu mnachoacha, sijaiweka nambari kwa sababu hakuna mtu anayejua bei ya mwakani, lakini ipo, na iko upande wa Baba.

Halafu usikimbie kumwambia jirani yenu naye apande robo. Yule kama ana pesa yake hakopi, kama mke wake hana kibanda siku zake za shamba zina bei ndogo kuliko 500, kama watoto wake wako mbali hali mahindi mengi, basi kwake eka nzima ya viazi inaweza kuwa sawa kabisa na udongo ni ule ule. Hata kwenu, muulize mama kibanda kikoje wanafunzi wakifunga. Kama wateja wake wengi ni nyinyi wa chuo na mkienda nyumbani anabaki na 200 kwa siku, na kazi kubwa za viazi zinaangukia hapo, siku 20 zinagharimu 4,000 badala ya 10,000, kila robo inapata 1,500 zaidi. Robo ya pili na ya tatu zinatoka 417 hadi kama 1,900, hapo ningekubali nusu eka. Robo ya nne hata hivyo bado ni hasara, ugali ni ugali.

Kwa lekchara, ukipewa nafasi ya kurudia, usimwandikie haya yote, atachoka. Andika kwamba njia ya pili bora baada ya mahindi ni viazi vikifuatwa na maharagwe hadi Disemba, kwamba faida yake baada ya kutoa gharama zote pamoja na siku za mama na riba ni 45,000, na hiyo ndiyo gharama ya fursa ya eka moja ya mahindi. Kodi ya 12,000 itaje kwa sentensi moja kwamba umeiacha kwa sababu ni njia ya tatu. Kama alitaka tu viazi bila maharagwe wala mama atakutarajia uandike 44,000, kwa hivyo andika wazi umeweka nini ndani na umeacha nini nje, watu wengi hupoteza alama hapo si kwa sababu nambari ni mbaya bali kwa sababu mwenye kusahihisha hajui imetoka wapi.

Na nyumbani anza na mama, si Baba. Muulize hizo siku 20 ni zipi na zipi, mwezi gani, na kibanda siku hizo huleta ngapi. Mbegu ya robo eka ni magunia manne, ya eka ni 16, na mbegu safi huisha mapema mvua ikikaribia, kwa hivyo mkiamua robo wekeni oda hiyo ya manne wiki hii kabla watu wa Molo hawajabeba zote.

Mwalimu